Shaba ya Moto Ndani ya Maji: Hesabu Isiyorudi Sifuri

Katika maabara za sekondari kuna jaribio moja la joto ambalo wanafunzi wengi wamelifanya kwa mikono yao. Kipande cha shaba hufungwa uzi, huning'inizwa ndani ya maji yanayochemka, na huachwa humo mpaka nacho kiwe na moto uleule wa maji. Kisha mwanafunzi hukivuta haraka, hukikung'uta matone na kukitumbukiza kwenye chombo chenye maji ya kawaida. Mwenzake anakoroga taratibu, macho kwenye kipimajoto. Kipimo kinapanda, kinasita, halafu kinaanza kushuka kidogo kidogo. Kile kilele ndicho kinachoandikwa daftarini.

Chombo kikiwa cha kioo na mwanga wa dirisha ukipita upande wa pili, anayeinama na kutazama kwa karibu huona jambo ambalo kipimajoto hakilionyeshi. Maji yaliyoizunguka shaba yanatikisika, ingawa hayana mapovu wala mvuke. Michirizi myembamba ya maji ya moto inabanduka kwenye uso wa metali na kupanda, ikipinda mwanga, hata mstari ulionyooka nyuma ya chombo unaonekana kama unacheza. Punde michirizi inafifia. Shaba na maji vimelingana, na hapo hakuna tena kinachotembea.

Darasani hesabu huishia hapo: joto lililotoka kwenye shaba ni sawa na joto lililoingia kwenye maji. Ukitoa hili kwa lile unabaki na sifuri. Hesabu hiyo ni sahihi, ila haisemi kwa nini mambo yalikwenda upande mmoja tu. Kama shaba hiyo, ikiwa tayari imepoa, ingeyanyonya maji joto na kurudi kwenye moto wake wa awali huku maji yakipoa, hesabu ya nishati bado ingetoa sifuri, na hakuna mwalimu ambaye angeona kosa kwenye daftari. Ili kutofautisha tukio linalotokea kila siku na tukio ambalo halijapata kuonekana, inahitajika hesabu ya pili. Ni hesabu ya entropi, nayo katika jaribio hili haitoi sifuri hata siku moja.

Aliyeiweka hesabu hiyo wazi ni Rudolf Clausius, mwanafizikia wa Kijerumani aliyekuwa akifundisha Zurich, Uswisi. Mwaka 1865 aliufunga utafiti wake wa miaka kadhaa kwa kauli mbili fupi: nishati ya ulimwengu haiongezeki wala haipungui, na entropi ya ulimwengu huelekea kwenye upeo wake. Kauli ya kwanza ndiyo ile sifuri ya darasani. Ya pili ndiyo inayoieleza shaba yetu.

Kanuni yake ni nyepesi kuliko sifa yake. Kitu kikipokea joto, entropi yake huongezeka kwa kiasi cha joto hilo likigawanywa kwa halijoto ambayo kitu kinalo wakati wa kulipokea. Kikitoa joto, entropi yake hupungua kwa mgawanyo uleule. Joto hupimwa kwa jouli. Halijoto hupimwa kwa kelvini, ambazo huhesabiwa kuanzia kwenye ubaridi wa mwisho kabisa, kwa hiyo nyuzi 0 za Selsiasi ni kelvini 273, nyuzi 27 ni kelvini 300, na maji yanayochemka usawa wa bahari ni kelvini 373.

Kiini cha jambo kiko kwenye ule ugawanyaji. Kiasi kilekile cha joto huleta mabadiliko makubwa zaidi ya entropi kwenye kitu baridi kuliko kwenye kitu cha moto, kwa sababu kinagawanywa kwa namba ndogo. Kijiko cha pilipili kikimwagwa kwenye mchuzi ambao tayari ni mkali, walaji hawatanung'unika. Kikimwagwa kwenye uji wa mgonjwa, kitasikika tangu tonge la kwanza. Joto linapoondoka kwenye shaba ya moto linaondoka na entropi kidogo, na linapoingia kwenye maji ya baridi linaingia na entropi nyingi. Tofauti kati ya hizo mbili haikutoka popote. Imezaliwa pale pale, wakati joto linavuka kutoka kwenye shaba kwenda kwenye maji.

Sasa namba. Tuchukue kilo moja ya shaba iliyochemshwa hadi kelvini 373, itumbukizwe ndani ya tangi kubwa la maji la kelvini 300, ambayo ni nyuzi 27, halijoto ya kawaida mchana wa pwani. Tangi liwe kubwa kiasi kwamba kipimajoto chake hakitikisiki kwa sababu ya kilo moja ya shaba. Neno “ulimwengu” katika hesabu hii lisimtishe msomaji. Halihusu nyota. Lina maana ya shaba, maji, na kila kingine kilichoguswa na joto hilo. Mradi hakuna joto lililokwenda kwingine, shaba na tangi ndio ulimwengu mzima.

Shaba ya kilo moja hutoa jouli 385 kwa kila kelvini moja inayopoa. Kutoka 373 hadi 300 ni kelvini 73, kwa hiyo joto lote lililotoka ni jouli 28,105.

Upande wa maji ni mstari mmoja. Maji yalipokea jouli 28,105 yakiwa kwenye kelvini 300 mwanzo hadi mwisho, basi entropi yao imeongezeka kwa 28,105 kugawanya kwa 300, yaani jouli 93.68 kwa kila kelvini.

Upande wa shaba ndipo wengi wanapokwama. Shaba haikutoa joto lake ikiwa kwenye halijoto moja. Ilianza ikiwa 373, ikapita 350, ikapita 320, ikaishia 300. Tugawanye kwa ipi? Jibu ni kwamba kila kipande cha joto kigawanywe kwa halijoto iliyokuwapo wakati kile kipande kinatoka. Katika kelvini ya kwanza, kutoka 373 hadi 372, jouli 385 zinagawanywa kwa takriban 372.5, na shaba inapoteza entropi ya 1.03. Katika kelvini ya mwisho, kutoka 301 hadi 300, jouli zilezile 385 zinagawanywa kwa 300.5, na upotevu ni 1.28. Mtu mwenye kikokotoo na subira anaweza kuzijumlisha ngazi zote 73 na kupata jibu zuri. Aliyesoma logarithi anafika kwa hatua moja: 385 mara logi asilia ya 300 kugawanya kwa 373. Njia zote mbili zinaleta hasi 83.85.

Maji yamepata 93.68. Shaba imepoteza 83.85. Entropi ya ulimwengu imeongezeka kwa jouli 9.83 kwa kelvini.

Hapa msikilizaji makini hushtuka, na ana haki. Ndani ya tangi mambo hayakwenda ngazi kwa ngazi. Ngozi ya shaba ilipoa kabla ya kiini chake. Kwa muda fulani kipande hicho hakikuwa hata na halijoto moja ya kutajwa. Tunawezaje basi kukihesabu kana kwamba kilishuka kwa adabu, kelvini moja baada ya nyingine? Tunaweza kwa sababu entropi ya shaba hutegemea hali iliyopo, haitegemei njia iliyopitwa. Kilo moja ya shaba iliyotulia kwenye kelvini 300 ina entropi ileile, iwe ilipoa kwa kishindo ndani ya tangi au iliachwa mezani mpaka jioni. Kwa hiyo mhesabu ana ruhusa ya kuchagua njia ya taratibu iliyo rahisi kuhesabika, ilimradi ianzie na kuishia palepale ilipoanzia na kuishia ile ya kweli. Ruhusa hiyo inahusu kila kitu kivyake. Haimpi ruhusa ya kudai kwamba tukio lenyewe lilikuwa la taratibu, na ndiyo maana jumla ya shaba na maji haikutoka sifuri.

Makosa katika hesabu hii yanajulikana, na kila moja huacha alama. Anayegawanya joto lote la shaba kwa 373, halijoto ya mwanzo tu, anapata upotevu wa 75.35 na jumla ya 18.33, karibu mara mbili ya jibu la kweli. Anayesahau kelvini na kutumia nyuzi 27 na 100 za Selsiasi anapata namba zisizo na maana yoyote. Anayesema kwamba joto lililotoka ni sawa na lililoingia, basi na entropi ni sawa, amechanganya daftari mbili. Kipimo cha haraka cha kujikagua ni kutumia wastani wa halijoto mbili za shaba, 336.5: jouli 28,105 kugawanya kwa wastani huo ni 83.52, karibu sana na 83.85. Jibu la shaba likiwa mbali na hapo, kuna mahali pameharibika. Na jumla ikitoka hasi, hakuna haja ya kutafuta maelezo ya kisayansi. Mhesabu arudi kwenye alama za kujumlisha na kutoa.

Wengine huuliza kama ongezeko linatokana na metali kuwa ya moto. Hapana. Kipande kilekile kikitolewa kwenye barafu, kelvini 273, na kutumbukizwa katika tangi lilelile, safari hii tangi ndilo linalotoa joto, jouli 10,395, na kupoteza entropi ya 34.65. Shaba inapata 36.31. Ulimwengu umeongezewa 1.66. Kinachozalisha entropi ni pengo la halijoto, lielekee upande wowote. Hapa pengo ni dogo, kelvini 27 badala ya 73, na zao lake ni dogo zaidi.

Turudi sasa maabara, maana huko hakuna tangi kubwa. Tuseme shaba ya moto imeingia katika beseni la lita mbili tu. Maji haya hayawezi kubaki kelvini 300. Kilo moja ya maji huhitaji jouli 4,186 kupanda kelvini moja, basi beseni zima huhitaji 8,372. Tukisawazisha joto kama darasani, vyote viwili vinakutana kwenye kelvini 303.2, nyuzi 30 na kidogo. Shaba imepoteza entropi ya 79.76, maji yamepata 89.09, na ongezeko ni 9.33. Ni pungufu kidogo ya lile la tangi, na inaeleweka: maji yalijipasha kidogo kidogo, pengo likazidi kupungua, na mwishoni joto lilikuwa linavuka pengo dogo kuliko kwenye tangi.

Lakini jaribio halijaisha. Beseni lenye nyuzi 30 limekaa katika chumba chenye nyuzi 27. Ndiyo maana kipimajoto, baada ya kilele, kilianza kushuka. Mwanafunzi huona kushuka huko kama kero inayoharibu matokeo. Katika hesabu ya entropi ni sehemu halali ya tukio. Ile ziada ya joto inavujia hewani, kuta zinaipokea, na mpaka jioni beseni, shaba na chumba vyote viko kelvini 300. Ukihesabu uvujaji huo peke yake, chumba kikipokea jouli 28,105 kwenye kelvini 300, unapata ongezeko jingine la 0.50. Jumlisha na 9.33. Ni 9.83, lilelile la tangi kubwa, kwa sababu hali ya mwisho ni ileile: shaba imepoa hadi 300 na jouli 28,105 zimeishia kwenye mazingira ya kelvini 300.

Sasa namba hiyo 9.83 ina maana gani kwa mtu asiyefanya mtihani? Jibu lake lilianza kuandaliwa miaka 41 kabla ya Clausius. Mwaka 1824 mhandisi kijana wa Kifaransa, Sadi Carnot, alichapisha kitabu kidogo kuhusu nguvu inayopatikana kwenye moto. Alieleza kwamba kila mahali penye vitu viwili vyenye halijoto tofauti pana uwezekano wa kupata kazi, na kwamba joto likiachwa livuke pengo hilo bila kupitishwa kwenye mashine, nafasi hiyo imepotea. Carnot alifariki mwaka 1832, akiwa na miaka 36, kabla kitabu chake hakijapata wasomaji wa kutosha. Clausius alijenga juu ya wazo hilo.

Kati ya shaba yetu na tangi kulikuwa na pengo la kelvini 73. Mtu angeweza kuweka katikati yao mashine ndogo ya joto, inayopokea joto la shaba, kugeuza sehemu yake kuwa kazi, na kuutupa mabaki kwenye tangi. Mashine isiyo na kasoro hata moja, ambayo haizalishi entropi yoyote, ingelazimika kulipatia tangi entropi ya 83.85, sawasawa na ile iliyotoka kwenye shaba. Kwa tangi la kelvini 300 hiyo ni jouli 25,155 za joto. Zilizobaki, jouli 2,950, zingekuwa kazi halisi.

Ni kiasi kile kile kinachopatikana ukizidisha entropi iliyozaliwa, 9.83, kwa halijoto ya tangi, 300. Huu si utani wa namba; ndivyo inavyokuwa siku zote. Entropi inayozalishwa, ikizidishwa kwa halijoto ya mazingira, ni kazi ambayo ingeweza kufanyika na haikufanyika. Na jouli 2,950 si haba. Zinatosha kuinua gunia la mahindi la kilo 100 kutoka ardhini hadi mita tatu juu, usawa wa dari. Shaba ilipotumbukia ndani ya tangi, uwezo wa kulipandisha gunia hilo ulitoweka. Nishati yote bado ipo, hakuna jouli hata moja iliyopotea, ila imesambaa katika maji ya vuguvugu lilelile lililopo pande zote, na hakuna mashine inayoweza kuikusanya tena bila kulipa zaidi ya itakachopata.

Kama pengo ndilo linalogharimu, je, pengo likikatwa vipande? Tuweke tangi la pili katikati, lenye kelvini 336.5. Shaba itumbukizwe humo kwanza, ipoe, kisha ihamishiwe kwenye tangi la 300. Kila tangi linapokea nusu ya joto, jouli 14,052.5. Tangi la kati linapata entropi ya 41.76, la mwisho 46.84. Jumla ni 88.60. Shaba, kama kawaida, imepoteza 83.85, maana imeanzia na kuishia palepale. Ongezeko la ulimwengu ni 4.75, chini ya nusu ya lile la awali. Weka matangi manne yenye kushuka kwa ngazi zilizolingana, na ongezeko linakuwa 2.33. Kila ukizidisha matangi mara mbili, ongezeko linakatika karibu nusu. Matangi yakiwa mengi mno, ongezeko linakaribia sifuri, na hapo safari inaweza hata kurudishwa: ukiipitisha shaba kwenye matangi yaleyale kwa mpangilio wa kinyume, itapanda hadi moto wake wa awali na kila tangi litarudi karibu sana na hali lililokuwa nayo.

Hilo si zoezi la karatasini tu. Viwanda vya maziwa hulifanya kila siku. Maziwa yanapopasteurishwa kwa njia ya haraka hupashwa hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, kisha hupozwa. Mtu asiyefikiri angepasha maziwa ya baridi kwa mvuke na kuyapoza yaliyopashwa kwa maji baridi, akilipia mara mbili. Badala yake maziwa ya baridi yanayoingia na maziwa ya moto yanayotoka hupitishwa pande mbili za mabati membamba, yakielekea pande tofauti. Maziwa ya moto zaidi hukutana na yale yaliyokwisha kupashwa, na yaliyopoa hukutana na yale ya baridi. Kila mahali kwenye mabati pengo ni dogo, kama yale matangi mengi. Kwa njia hiyo mitambo mizuri hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya joto. Gharama yake ni mabati mengi na nafasi, kwa sababu joto linalovuka pengo dogo huvuka polepole na linahitaji uso mpana. Pengo kubwa linaleta kasi na linapoteza kazi. Pengo dogo linaokoa kazi na linadai eneo na muda. Mhandisi huchagua mahali pa kusimama kati ya hayo mawili.

Bado kuna swali ambalo Clausius hakulijibu: kwa nini shaba haiwezi kujipasha yenyewe kwa joto la maji? Sheria yake ilisema haiwezi. Haikueleza ni kitu gani kinachoizuia. Aliyelipatia jibu ni Ludwig Boltzmann wa Austria, ambaye mwaka 1877 aliiunganisha entropi na idadi ya namna ambazo nishati inaweza kugawanyika miongoni mwa chembe. Fomula inayobeba wazo hilo, S = k log W, imechongwa kwenye kaburi lake mjini Vienna. S ni entropi, W ni idadi ya namna hizo, na k ni namba ndogo mno inayounganisha ulimwengu wa chembe na ulimwengu wa vipimajoto.

Kwa mtazamo huo hakuna kinachoisukuma nishati kutoka kwenye shaba. Chembe za shaba zinatetemeka, zinagongana na chembe za maji, na kila mgongano unaweza kupeleka nishati upande wowote. Ila namna za nishati kuwa imesambaa zinazidi kwa mbali namna za nishati kuwa imejikusanya kwenye kilo moja ya shaba. Kwa mbali kiasi gani? Tukiiingiza 9.83 kwenye fomula ya Boltzmann, idadi ya namna imezidishwa kwa namba ambayo ni 1 ikifuatwa na sifuri nyingi sana. Mtu akiamua kuziandika sifuri hizo, moja kila sekunde bila kulala, atahitaji muda unaozidi umri wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8, mara laki saba hivi. Na huko ni kuiandika namba tu. Shaba kujipasha yenyewe hakujakatazwa na sheria ya mgongano hata mmoja. Ni tukio linalopaswa kusubiriwa kwa muda ambao hauna maana kuutaja.

Hesabu yote hii imesimama juu ya masharti mawili ambayo msomaji anapaswa kuyajua kabla ya kuipeleka kwingine. La kwanza ni kwamba metali itoe kiasi kilekile cha joto kwa kila kelvini inayopoa. La pili ni kwamba maji yabaki maji. Kwa shaba kati ya nyuzi 100 na 27 masharti yote mawili yanatimia vizuri. Kwa karakana ya mhunzi hayatimii.

Mhunzi anayetengeneza patasi huipasha chuma mpaka iwe nyekundu, takriban nyuzi 800, kisha huizamisha majini kwa mkupuo. Sekunde za kwanza maji hayaigusi kabisa: utando wa mvuke unaizunguka chuma na kuikinga, jambo ambalo daktari wa Kijerumani Johann Leidenfrost alilieleza mwaka 1756. Utando unapopasuka ndipo sauti kali inasikika na mapovu yanafumka. Ndani ya chuma chembe zenyewe zinajipanga upya wakati wa kupoa, na kujipanga huko kunatoa joto la ziada. Pia chuma karibu na nyuzi 770, mahali inapopoteza usumaku wake, hudai joto jingi kwa kila kelvini kuliko inavyodai ikiwa baridi. Hapo 385 mara logi haisaidii. Mhesabu hufungua majedwali ya entropi ya chuma kwa kila halijoto, na upande wa maji huandika maji yaliyopata joto na mvuke ulioondoka kila kimoja peke yake, pamoja na hewa iliyoupokea mvuke huo.

Mhunzi analipa gharama hiyo ya entropi kwa kujua anachokitaka. Akiipoza patasi ngazi kwa ngazi kama katika yale matangi manne, angeokoa kazi na kubaki na chuma laini kisichokata ubao. Ugumu wa makali hutokana na chembe kukosa muda wa kujipanga upya kwa utulivu, na muda huo hauwanyimwi ila kwa pengo kubwa. Baada ya hapo patasi ikiwa ngumu kupita kiasi na rahisi kumeguka, anairudisha kwenye moto mdogo, akiitazama rangi ya ngozi yake ikigeuka manjano ya majani makavu kisha kahawia, anaitoa na kuizamisha tena, safari hii kutoka nyuzi 200 na ushei badala ya 800.